Inajisasisha Yenyewe, Lakini Mwenyewe Ni Nani?

Katika ofisi nyingi siku hizi kuna skrini ukutani, au kiungo kinachotumwa kwenye kundi la kazi kila asubuhi, chenye grafu na namba za mauzo, wagonjwa, mizigo au makusanyo. Mgeni akiuliza ni nani anayeishughulikia, jibu huwa lilelile: hakuna mtu, inajisasisha yenyewe. Jibu hilo ni kweli kwa upande mmoja tu. Upande wa pili ndio unaowachanganya watu, hasa wanaoanza kuzoea kazi zinazofanywa na kompyuta bila mkono wa mtu, kwa sababu wanadhani kwamba chombo kinachojiendesha ni chombo kinachojikagua.

Tuanze na maneno. Dashibodi ni ukurasa mmoja wa skrini unaokusanya namba chache muhimu ili mtu azisome kwa kutupa jicho, na jina lake limetoka kwenye gari, kwenye ubao wa mbele ya dereva unaoonyesha mwendo, mafuta na joto la injini. Tunaposema kazi ni otomatiki, tunamaanisha kwamba inaanza kwa ratiba au kwa tukio fulani, bila mtu kubonyeza kitu. Kujisasisha, basi, ni programu kwenda kwenye chanzo cha taarifa kwa wakati uliopangwa, kuchota kilichopo, kukipigia hesabu na kuchora upya grafu. Na mwenye dashibodi, kwa maana ya makala hii, ni mtu mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye akiulizwa "namba hii ni sahihi?" ana wajibu wa kujibu, na akiona si sahihi ana mamlaka ya kuwaambia wenzake wasiitumie.

Anayeishi kwenye nyumba yenye tangi juu ya paa anaifahamu kazi ya boya. Maji yakipungua boya linashuka na koki inafunguka, na tangi likijaa boya linapanda na koki inafunga. Hakuna anayepanda ngazi usiku kufungulia maji. Hata hivyo, boya linajua jambo moja tu, nalo ni kimo cha maji. Bomba la barabarani likipasuka na tope likaingia, boya litajaza tangi kwa tope kwa uaminifu uleule, na mwenye nyumba atalijua hilo siku atakapofungua bomba la jikoni. Programu inayosasisha dashibodi ni boya la namna hiyo. Ina uwezo wa kusema "nimefika kwenye chanzo na nimechota", lakini haina uwezo wa kusema kwamba ilichokichota kimekamilika, ni cha kweli, na bado kina maana ileile kiliyokuwa nayo mwezi uliopita.

Mfano mmoja ukifuatwa hadi mwisho utalionyesha jambo hili vizuri zaidi. Tuseme kuna duka la jumla la vifaa vya ujenzi lenye matawi matatu: Kariakoo, Mbagala na Kibaha. Kila tawi lina ukurasa wake katika faili moja la Google Sheets, lahajedwali ya mtandaoni yenye safu na mistari, na keshia huandika kila muuzo katika mstari wake: tarehe, tawi, bidhaa na kiasi cha fedha. Kila asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, skripti, yaani programu fupi, hukusanya mistari ya matawi yote na kuiweka katika ukurasa mmoja unaoitwa Mauzo. Dashibodi inasoma ukurasa huo. Namba ya Kibaha inatoka kwenye fomula hii:

```
=SUMIFS(D2:D, B2:B, "Kibaha", A2:A, MAX(A2:A))
```

Maana yake ni kwamba jumlisha kila kiasi kilichomo kwenye safu ya D, mradi safu ya B imeandikwa Kibaha na safu ya A ina tarehe ya mwisho iliyokusanywa. Kwa kawaida Kariakoo huuza takriban shilingi milioni 6.2 kwa siku, Mbagala milioni 3.1 na Kibaha milioni 1.8, jumla milioni 11.1. Skripti haijawahi kushindwa, na mtu aliyeiandika alikwisha kuhamia kazi nyingine.

Tarehe 11, tawi la Kibaha linapata keshia mpya wa zamu ya jioni. Ni mtu makini, mwenye mwandiko safi, na anaandika kiasi cha fedha kama alivyozoea kukiandika kwenye risiti za mkono tangu aanze kazi: 185,000/=. Keshia wa asubuhi anaandika 185000 peke yake. Machoni pa binadamu yeyote wa Afrika Mashariki, maandishi hayo mawili ni kitu kimoja. Machoni pa Google Sheets, la pili ni namba na la kwanza ni maneno, kama vile angeandika "saruji". Na fomula za kujumlisha hazilalamiki zinapokutana na maneno katika safu ya namba, huyaruka tu. Zimetengenezwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu safu nyingi huwa na vichwa vya habari na maelezo ambayo hayapaswi kujumlishwa wala kusimamisha hesabu.

Kwa hiyo kuanzia tarehe 11, mauzo yote ya jioni ya Kibaha, yapata laki saba kwa siku, hayamo kwenye jumla. Skripti inafanya kazi kila asubuhi. Grafu inachorwa upya. Pembeni ya skrini pameandikwa kwamba imesasishwa leo saa 06:14, na ni kweli imesasishwa. Jumla ya matawi yote imeshuka kutoka milioni 11.1 hadi 10.4, kiasi cha asilimia sita, na tofauti hiyo ni ndogo kuliko tofauti ya kawaida kati ya siku ya mvua na siku ya jua. Ni namba ya Kibaha peke yake iliyoshuka sana, kutoka milioni 1.8 hadi milioni 1.1. Mwisho wa mwezi, baada ya siku 20, dashibodi imepoteza shilingi milioni 14 ambazo zimo dukani, benki na kwenye daftari la keshia.

Jambo linalofuata katika maduka mengi ni rahisi kulikisia. Mwenye mali anaiona Kibaha, anakumbuka kwamba anguko lilianza wiki aliyoajiriwa keshia mpya, na anamwita meneja wa tawi. Hapo dashibodi isiyo na mwenyewe inaacha kuwa tatizo la kompyuta na kuwa tuhuma dhidi ya mtu. Kompyuta ina sifa ya kutokosea, na keshia wa wiki tatu hana sifa yoyote bado.

Sasa mtazame mtu aliyepewa jukumu la kuimiliki dashibodi hiyo, tuseme mhasibu msaidizi, akiikagua kwa mara ya kwanza. Hahitaji kujua kuandika programu. Anaona kwamba idadi ya mauzo ya Kibaha haijabadilika, bado ni takriban mistari 30 kwa siku, kwa kuwa kuhesabu mistari hakutegemei kama kiasi ni namba au maneno. Fedha zimepungua ilhali wateja hawajapungua. Wastani wa kila muuzo umeshuka kutoka shilingi 60,000 hadi chini kidogo ya 37,000. Anajiuliza: je, watu wa Kibaha wameacha kununua mabati na sasa wananunua misumari tu? Anafungua ukurasa wa tawi, na kabla ya kusoma chochote anaona jambo moja kwa macho. Katika safu ya D baadhi ya viasi vimeegemea upande wa kulia wa visanduku vyao na vingine vimeegemea kushoto. Google Sheets, kama Excel, huziweka namba kulia na maneno kushoto isipokuwa mtu awe ameubadilisha mpangilio huo. Ili kuhakikisha, katika kisanduku kitupu anaandika:

```
=COUNTA(D2:D)-COUNT(D2:D)
```

Sehemu ya kwanza inahesabu visanduku vyote vyenye kitu, na ya pili inahesabu vyenye namba tu. Tofauti yake inapaswa kuwa sifuri. Anapata 240, yaani mauzo 12 ya kila jioni kwa siku 20. Kosa limepatikana kwa dakika kumi, na hakuna aliyeiba kitu.

Hapa msomaji makini atasema kwamba fomula hiyo ya ukaguzi ingewekwa tangu mwanzo, na kompyuta ingejikagua yenyewe. Ni kweli, na mhasibu wetu anapaswa kuiacha hapo na kuweka jibu lake kwenye kona ya dashibodi ili lionekane kila siku. Anapaswa pia kuweka sharti kwenye safu ya D, kupitia `Data validation`, ili kisanduku kikatae chochote kisicho namba. Lakini angalieni mpangilio wa mambo: ukaguzi umewekwa baada ya mtu kushangaa. Kila ukaguzi wa otomatiki ni kumbukumbu ya mshangao wa mtu fulani aliyetangulia, au wa mtu aliyekaa chini akawaza ni nini kinaweza kuharibika. Kesho keshia mwingine ataandika tarehe kwa namna nyingine, au ataandika "Kbh" badala ya Kibaha, na mistari hiyo itarukwa na SUMIFS kwa ukimya uleule, huku ukaguzi wa safu ya D ukionyesha sifuri safi.

Grafu inayosogea haimshtui mtu

Ingekuwa faraja kudhani kwamba makosa haya ni ya maduka madogo yenye lahajedwali za bure. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, maabara nchini England zilikuwa zikituma majibu ya vipimo kwa Public Health England, taasisi iliyokuwa na dhamana ya afya ya umma. Majibu yalifika yakiwa mafaili ya maandishi ya kawaida, na mfumo wa otomatiki uliyaingiza kwenye violezo vya Excel kabla ya kuyapeleka mbele, kwenye takwimu za kila siku na kwa watu waliokuwa wakiwafuatilia waliokutana na wagonjwa. Violezo hivyo vilikuwa vya muundo wa zamani wa Excel, ule wa XLS, ambao ukurasa wake hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Muundo mpya zaidi, uliokuja na Excel ya mwaka 2007, unabeba mistari 1,048,576. Na kwa kuwa kila jibu la kipimo lilichukua mistari kadhaa, kiolezo kimoja kilijaa kikiwa na wagonjwa wapatao 1,400 tu.

Maadamu wagonjwa walikuwa wachache, hapakuwa na tatizo. Maambukizi yalipoongezeka mwezi Septemba, violezo vilijaa na waliozidi wakaachwa nje. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye takwimu za kila siku. Wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, lakini ufuatiliaji wa watu waliokuwa karibu nao ulichelewa, na katika ugonjwa wa kuambukiza siku chache za kuchelewa si jambo dogo.

Kwa mada yetu, la kutazama katika kisa hicho ni sura ya grafu katika siku hizo nane. Haikusimama. Kila siku ilipata namba mpya, namba kubwa, zenye kuaminika kabisa kwa macho. Grafu iliyoganda humshtua hata mpita njia, lakini grafu inayosogea inaonekana hai, na chenye uhai hakiulizwi. Ambacho kingeweza kuligundua jambo hilo mapema ni kulinganisha kilichoingia na kilichotoka: maabara zimetuma mistari mingapi, na mwisho wa bomba imefika mingapi? Ulinganisho huo unaweza kuandikwa kama programu kwa urahisi, lakini lazima kwanza awepo mtu anayejua kwamba kiolezo kina ukomo, na anayeona kwamba idadi inaukaribia.

Mashine hufanya kazi kwa jina la mtu

Kuna hoja nyingine ambayo wageni wa otomatiki hawaijui, na kwangu mimi ndiyo inayomaliza ubishi. Hata ukisema dashibodi yako haina mwenyewe, programu yenyewe inajua kwamba mwenyewe yupo. Skripti ya Google iliyowekewa ratiba huendeshwa kwa akaunti ya mtu aliyeiweka ratiba hiyo, kwa ruhusa zake, na ikishindwa barua pepe ya kushindwa inakwenda kwake. Katika Power BI, ambayo ni programu ya dashibodi inayotumiwa sana maofisini, ratiba ya kusasisha imefungamana na mtu anayetajwa kama mmiliki wa data, na taarifa za kushindwa humwendea yeye kwanza. Ikishindwa mara nne mfululizo, Power BI huizima ratiba yenyewe. Hata isiposhindwa, ikiwa hakuna aliyeifungua ripoti kwa miezi miwili, huisimamisha pia, kama vile inauliza kama kuna mtu nyumbani.

Rudi kwenye duka letu. Aliyeandika skripti amehamia kazi nyingine, na ofisi, kwa nidhamu njema kabisa, siku moja inaifunga akaunti yake ya zamani. Asubuhi inayofuata skripti haiendeshwi. Barua pepe ya kueleza tatizo, kama itatumwa, inakwenda kwenye sanduku lililofungwa. Dashibodi inabaki na namba za jana, na kesho yake zitakuwa za juzi, na inaweza kupita wiki kabla mtu hajauliza mbona Jumatano na Alhamisi zimelingana hadi shilingi ya mwisho. Kwa hiyo swali halijawahi kuwa kama dashibodi ina mmiliki au haina. Huyo aliyeandikwa kwenye mfumo yupo daima. Mara nyingi sana ni mtu aliyeondoka.

Wengine hujibu kwamba basi mmiliki awe fundi wa kompyuta. Nadhani hili ni kosa, ingawa linafanywa kwa nia njema. Fundi anaweza kueleza kama bomba limeziba, na anastahili kushirikishwa linapoziba, lakini hana namna ya kujua kwamba Kibaha haiwezi kuuza milioni 1.1 katika mwezi wa ujenzi. Anayelijua hilo ni mtu anayefanya kazi ya mauzo au hesabu kila siku, ambaye namba isiyo ya kawaida inamkera kabla hajaweza kueleza sababu. Umiliki apewe huyo, na fundi awe mtu wa kuitwa.

Pale ambapo hakuna kosa, na namba bado si sahihi

Hadi hapa tumezungumzia mabomba yaliyoziba na tope lililoingia. Gumu zaidi ni pale ambapo kila kitu kinafanya kazi na kila keshia ameandika vizuri, ila watu wawili wanatumia neno moja kwa maana mbili.

Chukua mauzo ya mkopo. Fundi ujenzi anayefahamika anachukua mifuko 50 ya saruji leo na atalipa mwisho wa mwezi. Mbagala huandika muuzo siku mzigo unapotoka. Kibaha huuandika siku fedha zinapoingia, kwa sababu meneja wa huko aliwahi kupata hasara na haamini muuzo usiolipwa. Kila mmoja ana sababu ya kufanya hivyo. Dashibodi inajumlisha namba za matawi yote mawili na kuziita Mauzo, na kila mwisho wa mwezi Kibaha inaonekana imefanya maajabu katika siku mbili za mwisho, ilhali ni malipo ya madeni. Hakuna fomula itakayoligundua jambo hili, kwa kuwa hakuna kisanduku chenye kosa. Linatakiwa kuamuliwa, na kuamua ni kazi ya mtu mwenye mamlaka ya kuwaambia mameneja wawili kwamba kuanzia tarehe fulani mauzo maana yake ni mzigo uliotoka, na kwamba fedha zilizolipwa zitakuwa na safu yake. Kisha anaandika tarehe hiyo pale watu watakapoiona, ili mwakani mtu asije akaueleza mruko wa grafu kwa nadharia ya soko.

Hata neno dogo kama "jana" lina shida yake. Seva nyingi za kompyuta hufuata saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Dashibodi ya kituo cha mafuta kinachouza usiku kucha ikipangwa kusasishwa saa nane usiku, wakati huo huko kwenye seva bado ni saa tano usiku ya siku iliyotangulia. Kama "jana" inakokotolewa wakati wa kusasisha, itakuwa juzi, na itabaki juzi mchana kutwa hadi usasishaji ufuatao. Suluhisho ni dogo: sogeza ratiba ipite saa tisa usiku, au uongeze saa tatu kwenye hesabu. Lakini mauzo anayoyatazama meneja mchana hayana alama yoyote ya kuonyesha kwamba ni ya siku nyingine. Anayegundua ni yule anayekumbuka kwamba jana malori mawili ya mizigo yalijaza mafuta, na hayaoni.

Kazi yenyewe ni ipi

Watu huogopa kwamba kuwa na mmiliki kunarudisha kazi ya mkono ambayo otomatiki ilikuja kuiondoa. Kwa dashibodi kama ya duka letu, naona kazi hiyo haizidi nusu saa kwa wiki, na sehemu kubwa yake ni jambo moja: kuchukua namba moja ya dashibodi na kuilinganisha na ushahidi ambao dashibodi haikuugusa. Kwa mfanyabiashara wa Tanzania, ushahidi huo upo tayari. Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, hutoa ripoti ya Z ya mauzo ya siku. Kila Jumatatu mhasibu anachagua tawi moja na siku moja ya wiki iliyopita, bila mpangilio unaotabirika, anaomba picha ya ripoti ya Z ya siku hiyo, na kuiweka kando ya skrini. Zikilingana, anaweka tiki na kuendelea na kazi nyingine. Zisipolingana, anatafuta sababu kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba mauzo yameshuka. Angefanya hivyo tangu mwanzo, huenda kosa la Kibaha lisingefikisha siku 20, maana siku yoyote ya tawi hilo ingeonyesha pengo la laki saba.

Jambo la pili ni kubadilisha maandishi yale ya "imesasishwa saa 06:14". Hayo yanamwambia msomaji boya lilifunguka lini, hayamwambii maji yaliingia lini. Tawi la Mbagala likikosa intaneti kwa siku mbili, skripti itaendelea kukusanya na saa itaendelea kuwa ya leo. Ni afadhali kila tawi lionyeshe tarehe ya mstari wake wa mwisho:

```
=MAXIFS(A2:A, B2:B, "Mbagala")
```

Hapo safu ya A ni tarehe. Ikionyesha juzi, msomaji mwenyewe anajua namba ya Mbagala haijakamilika. Mmiliki pia ahakikishe kwamba pale ambapo taarifa haipo panaonekana patupu. Kuna mazoea ya kufunika kila fomula kwa `IFERROR(...,0)` ili skrini isichafuke kwa alama za makosa. Mazoea hayo hugeuza "hatujui" kuwa "sifuri", na duka lililouza sifuri ni habari tofauti kabisa na duka ambalo halijaleta hesabu.

Vipi kuhusu tahadhari za otomatiki, zile zinazotuma ujumbe namba ikishuka chini ya kiwango fulani? Ziwekwe, zinasaidia. Ila kiwango chenyewe ni makadirio ya mtu ya siku aliyokiweka. Kama Kibaha iliwekewa tahadhari ya chini ya milioni moja wakati ikiuza milioni moja na nusu, anguko letu la hadi milioni 1.1 lingepita chini ya pua yake bila mlio. Na tahadhari inayolia kila Jumapili kwa sababu duka hufunga mapema itazimwa na walioichoka, mara nyingi bila kumwambia mtu.

Linabaki suala la kukabidhi, ambalo hufanywa vibaya kuliko yote. Mhasibu wetu akihama, haitoshi kumpa anayemfuata nenosiri na kiungo. Kwenye skripti ya Google, mpokeaji anaingia kwa akaunti yake mwenyewe, anaunda ratiba mpya, na mtoaji anaifuta ya kwake, maana zikibaki zote mbili skripti itaendeshwa mara mbili kila asubuhi, na kama imeandikwa kwa kuongeza mistari bila kufuta ya zamani, mauzo yatakuwa maradufu. Kwenye Power BI mpokeaji anafungua mipangilio ya data, anabonyeza `Take over`, na kuingiza upya vitambulisho vya kufikia chanzo, kwa sababu vile vya mtangulizi wake havimfuati. Kisha wote wawili wanasubiri asubuhi moja ipite. Saa moja ikishapita wanafungua dashibodi, wanaangalia kama mstari wa mwisho wa kila tawi ni wa jana, na mpokeaji anapiga simu Kibaha kuomba ripoti ya Z.